Chupa Tatu Zisizo na Lebo: Haidrojeni Moja Inavyozifichua Amini

Watu wengi wa Afrika Mashariki wanaijua GV hata kama hawajawahi kujiuliza imetengenezwa na nini. Ni ile dawa ya zambarau ambayo wauguzi wa zahanati wamekuwa wakiwapaka watoto wenye utando mweupe kinywani, na ambayo ikidondokea shuka, shuka hilo halirudi tena kuwa jeupe. Rangi hiyo kali inatokana na molekuli iliyojengwa kwa vipande vitatu vya dimethilianilini vilivyoizunguka atomu moja ya kaboni. Dimethilianilini yenyewe haina hata chembe ya zambarau. Ni mafuta ya njano hafifu, yenye harufu nzito, na ukiyaweka mezani karibu na ndugu zake wawili huwezi kuyatambua kwa macho.

Viwanda vya rangi vya Ujerumani katika karne ya 19 viliyahitaji mafuta hayo kwa wingi. Vilichukua anilini, inayotokana na lami ya makaa ya mawe, vikaipasha moto pamoja na methanoli na asidi ndani ya chombo kilichofungwa kabisa. Kinachotoka humo si lazima kiwe kitu kimoja. Kuna anilini inayobaki kama ilivyoingia, kuna inayopata kundi moja la methili ikawa methilianilini, na kuna inayopata makundi mawili ikawa dimethilianilini. Anayetaka kuzitenganisha kwa kuchemsha na kukusanya mvuke anaanza vizuri, kwa sababu anilini huchemka kwenye nyuzi 184 za Selsiasi. Baada ya hapo anakwama: dimethilianilini huchemka kwenye nyuzi 194 na methilianilini nyuzi 196. Pengo la nyuzi 2 halimpi mkemia nafasi ya kutosha.

Tofauti halisi ya mafuta hayo iko kwenye atomu ya nitrojeni. Amonia, NH3, ina nitrojeni moja iliyoshika haidrojeni tatu. Ukiondoa haidrojeni moja ukaweka kundi la kaboni mahali pake, umepata amini ya daraja la kwanza, na anilini ni mojawapo. Nitrojeni yake imebaki na haidrojeni mbili. Ukibadilisha haidrojeni mbili unapata daraja la pili, kama methilianilini, yenye haidrojeni moja. Ukizibadilisha zote tatu unapata daraja la tatu, kama dimethilianilini, ambayo nitrojeni yake haina haidrojeni hata moja. Kwa hiyo swali la amini hii ni ya daraja gani ni swali la kuhesabu: nitrojeni imebakiwa na haidrojeni ngapi?

Mwaka 1890 mkemia wa Kijerumani Oscar Hinsberg, aliyefanya kazi Freiburg, alichapisha njia ya kuhesabu haidrojeni hizo bila kuziona. Hakuianzisha kutoka patupu. Carl Schotten mwaka 1884, na Eugen Baumann wa hapo hapo Freiburg mwaka 1886, walikuwa wameonyesha kwamba kloridi ya benzoili hushikana na amini kwa urahisi ikitikiswa ndani ya maji yenye alkali. Njia yao hutoa bidhaa safi, ila haisemi lolote kuhusu daraja, kwa kuwa bidhaa ya anilini na ile ya methilianilini zote mbili hukaa ndani ya alkali bila kumumunyika. Hinsberg alitumia kitendanishi cha jamii ya karibu, kloridi ya benzenisalfonili, C6H5SO2Cl. Pale ambapo kloridi ya benzoili ina kaboni yenye oksijeni moja, hii ina salfa yenye oksijeni mbili. Badiliko hilo ndilo lililozaa jaribio linalobeba jina lake mpaka leo.

Oksijeni mbili hizo huvuta elektroni kwa nguvu. Amini inapokutana na kitendanishi, nitrojeni huishambulia salfa, klorini huondoka, na haidrojeni moja ya nitrojeni huondoka nayo ikachukuliwa na alkali. Kinachobaki huitwa salfonamidi. Sasa tazama kilichosalia juu ya nitrojeni. Amini ya daraja la kwanza ilianza na haidrojeni mbili. Imetoa moja, imebaki na moja. Haidrojeni hiyo iliyobaki si ya kawaida tena. Imekaa jirani na salfa yenye oksijeni mbili, elektroni zinavutwa upande huo, na haidrojeni inakuwa legevu, tayari kuachia kama zile za asidi dhaifu. Salfonamidi ya anilini huanza kuiachia haidrojeni yake kwenye pH ya 8 na kidogo. Ndani ya hidroksidi ya sodiamu, ile watu wa sabuni wanayoiita kostiki soda, pH iko juu sana kuliko hapo, kwa hiyo haidrojeni yote huachia. Molekuli inabaki na chaji hasi, inapata sodiamu ya kuandamana nayo, inakuwa chumvi, na chumvi hiyo humumunyika majini.

Daraja la pili lilikuwa na haidrojeni moja tu, nayo imekwenda. Salfonamidi yake haina cha kuiachia alkali. Inabaki bila chaji, haipatani na maji, inaonekana kama mashapo meupe au mafuta mazito. Nayo amini ya daraja la tatu haina haidrojeni ya kutoa tangu mwanzo, kwa hiyo haitoi salfonamidi ya kudumu. Inabaki amini ile ile.

Tabia hii ya haidrojeni iliyo jirani na salfa inaonekana hata kwenye duka la dawa. Salfamethoksazoli iliyo ndani ya Septrin na salfadoksini iliyo ndani ya SP, zile tembe wanazopewa wajawazito kukinga malaria, ni salfonamidi za namna hiyo, na zote hukubali kumumunyika kwenye alkali kwa sababu hiyo hiyo. Dawa ya macho ya salfasetamidi hutengenezwa makusudi kama chumvi ya sodiamu ili iwe maji maji yanayodondosheka.

Twende maabara. Mezani kuna chupa tatu zilizopoteza lebo, na inajulikana tu kwamba moja ni anilini, moja methilianilini na moja dimethilianilini. Anayefanya kazi huanza kwa kuvaa glovu na miwani, na kusimama mbele ya kabati la kuvutia moshi. Hilo si la kujionyesha. Anilini hupenya ngozi ikaingia kwenye damu na kuizuia isibebe oksijeni sawasawa, na kloridi ya benzenisalfonili hutoa machozi na kuchoma macho. Kitendanishi hiki ni kimiminika kizito kuliko maji, nacho huganda kwenye nyuzi 14 na nusu hivi. Dar es Salaam hakuna atakayeona hilo, lakini asubuhi ya Julai huko Njombe chupa inaweza kukutwa imeganda, na dawa yake ni kuiacha ndani ya maji ya uvuguvugu huku kizibo kimelegezwa.

Katika kila moja ya neli tatu za majaribio huwekwa mililita 0.2 za amini, kisha mililita 5 za hidroksidi ya sodiamu ya asilimia 10, kisha mililita 0.4 za kloridi ya benzenisalfonili, kidogo kidogo. Neli huzibwa na kutikiswa kwa nguvu dakika kadhaa. Kutikisa ndiko kunakofanya kazi hapa, kwa sababu amini na kitendanishi vyote viwili ni mafuta, na alkali iko majini. Visipochanganywa kwa nguvu hukaa kila kimoja upande wake kama samli juu ya mchuzi uliopoa. Neli ikianza kupata joto mkononi, mwitiko umeanza. Ikipata joto kupita kiasi huingizwa kwenye maji baridi.

Kipimo hicho cha kitendanishi kina hesabu nyuma yake. Mililita 0.2 za anilini ni kama milimoli 2.2, na mililita 0.4 za kloridi ni kama milimoli 3.1. Kitendanishi kimezidi kiasi cha kuhakikisha hakuna amini inayobaki, ila hakikuzidi sana. Alkali iliyomo ni karibu milimoli 14, na kazi yake ni tatu: kuchukua asidi inayotoka kwenye mwitiko, kuchukua haidrojeni legevu ya salfonamidi, na kuvunja kitendanishi kilichosalia. Ukijumlisha matumizi hayo bado inabaki zaidi ya nusu ya alkali. Hata hivyo mzoefu hatosheki na hesabu. Huchovya kijiti cha kioo na kugusisha karatasi ya litmasi kuhakikisha inageuka buluu bila kusita.

Kabla ya kusoma majibu, kuna la kusubiri. Kloridi iliyozidi lazima iishe, maana matone yake yasiyoisha yanafanana sana na mashapo ya mafuta ya daraja la pili. Alkali huivunja polepole ikawa chumvi ya asidi ya benzenisalfoniki, inayomumunyika majini na isiyorudi kuwa mashapo hata asidi ikiongezwa. Wakemia wa zamani walijua imekwisha kwa pua, harufu yake kali ilipotoweka. Leo hakuna mwalimu mwenye busara atakayemwambia mwanafunzi anuse neli hiyo. Kuipasha neli moto kidogo na kuitikisa tena dakika chache humaliza kilichobaki.

Neli ya kwanza imekuwa safi. Mafuta yametoweka, umebaki mmumunyo wa njano hafifu unaopitisha mwanga. Mwanafunzi mwenye haraka ataandika hapo hapo: daraja la kwanza. Asiandike bado. Mmumunyo safi unamaanisha tu kwamba hakuna kitu kisichomumunyika, na ziko njia kadhaa za kufika hapo. Asidi hidrokloriki huongezwa tone kwa tone, na litmasi inapogeuka nyekundu, wingu jeupe hutokea na kukaa chini. Hiyo ni salfonamidi iliyorudishiwa haidrojeni yake. Imepoteza chaji na haiwezi tena kubaki majini. Sasa jibu limekamilika. Ikichujwa, ikaoshwa, ikatengenezwa upya fuwele kwa mchanganyiko wa ethanoli na maji, huyeyuka kwenye nyuzi 112 hivi, ambacho ndicho kiwango kinachojulikana cha salfonamidi ya anilini.

Neli ya pili ina tonge jeupe lenye kunata chini ya alkali. Linaanza kama mafuta, na likipozwa kwenye barafu huku ukuta wa neli ukikwaruzwa kwa kijiti cha kioo, hugeuka yabisi. Maji yakiongezwa, halimumunyiki. Asidi ikiongezwa mpaka litmasi iwe nyekundu, bado halimumunyiki. Limekataa alkali na limekataa asidi: ni salfonamidi ya daraja la pili. Likisafishwa huyeyuka kwenye nyuzi 79 hivi, kiwango cha bidhaa ya methilianilini.

Neli ya tatu ina tabaka la mafuta linaloelea juu. Kwa jicho halitofautiani sana na yale mafuta ya mwanzo ya neli ya pili, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Asidi ndiyo inayoamua. Ikiongezwa, mafuta hutoweka, kwa kuwa ni amini isiyobadilika ambayo nitrojeni yake bado ina jozi ya elektroni ya kupokelea haidrojeni ya asidi na kuwa chumvi. Alkali ikirudishwa, mafuta hurudi juu. Salfonamidi haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu elektroni za nitrojeni yake zimevutwa na salfa na hazipokei tena asidi iliyochujuka. Chupa ya tatu ni dimethilianilini.

Ukiyatazama majibu yote matatu pamoja, utaona kwamba jaribio lina maswali mawili, na la pili ni zito kuliko la kwanza. Alkali inauliza, asidi inahakiki. Safi kisha mashapo ni daraja la kwanza. Mashapo kisha mashapo yale yale ni daraja la pili. Mafuta kisha safi ni daraja la tatu. Mtu aliyesoma upande wa alkali peke yake amefanya nusu ya kazi, na kwa mtazamo wa mwandishi huyu, karibu kila jibu potofu la Hinsberg linalotolewa maabara za vyuo linaanzia kwenye nusu hiyo iliyorukwa.

Kosa la kwanza la kawaida ni uchache wa alkali. Alkali ikiisha kabla ya wakati, salfonamidi ya anilini haiachii haidrojeni yake, inakaa chini kama mashapo, na anilini inaandikwa kuwa daraja la pili. Litmasi hugundua hilo kwa sekunde moja. Kosa la pili ni kutotikisa vya kutosha au kuweka kitendanishi kidogo mno. Anilini inayobaki huelea kama mafuta, humumunyika kwenye asidi, na kila dalili inasema daraja la tatu. Ndiyo maana jibu la daraja la tatu haliaminiwi mpaka mafuta yaliyobaki yatengwe na kupewa alkali na kloridi kwa mara nyingine. Yakiwa ya daraja la tatu kweli, yatabaki vile vile.

Kosa la tatu ni kinyume cha la pili, nalo linahitaji kuelezwa polepole. Mtu akiogopa kuweka kitendanishi kidogo akaweka kingi kupita kiasi, anaweza kuharibu jibu la daraja la kwanza. Salfonamidi ya anilini ikishaachia haidrojeni yake, nitrojeni yake yenye chaji hasi inaweza kushambulia molekuli nyingine ya kloridi. Matokeo ni nitrojeni iliyobeba vikundi viwili vya salfonili na isiyo na haidrojeni hata moja. Kitu hicho hakimumunyiki kwenye alkali wala kwenye asidi. Kinajifanya daraja la pili kikamilifu. Hinsberg mwenyewe alikutana na tatizo hili, na mwaka 1905, pamoja na Kessler, alieleza jinsi ya kulitatua: mashapo yanayotiliwa shaka huchemshwa na ethoksidi ya sodiamu, yaani sodiamu iliyomumunyishwa kwenye ethanoli isiyo na maji. Kikundi kimoja cha salfonili hung'oka, na kinachobaki ni salfonamidi ya kawaida ya daraja la kwanza inayokubali alkali. Salfonamidi halisi ya daraja la pili haibadiliki ikichemshwa hivyo.

Kuna pia ukaidi wa amini zenyewe. Hoja nzima inategemea chumvi ya sodiamu ya daraja la kwanza kumumunyika, lakini molekuli ikiwa na kaboni nyingi, kama sikloheksilamini na kubwa zaidi yake, chumvi hiyo huanza kuyakataa maji, hasa maji yaliyojaa sodiamu tayari. Mashapo yanatokea na jibu linateleza kuelekea daraja la pili. Dawa ya kwanza ni nyepesi: mwaga alkali iliyo juu, ongeza maji matupu, tikisa. Chumvi ikimumunyika kwenye maji hayo na kisha asidi ikaleta mashapo mapya, amini ni ya daraja la kwanza. Isipomumunyika, jaribio hili limefika mwisho wa uwezo wake kwa amini hiyo.

Mpaka mwingine ni amini zenye asidi ya kwao wenyewe. Amini ya daraja la pili iliyobeba pia kundi la kaboksili, au kundi la haidroksili juu ya pete ya benzini, hutoa salfonamidi isiyo na haidrojeni kwenye nitrojeni, na bado bidhaa nzima humumunyika kwenye alkali kwa sababu ya lile kundi jingine. Mtahini asiyejua muundo wake ataiita daraja la kwanza. Hapa si mkono uliokosea. Swali lenyewe halikuifaa molekuli hiyo.

Dimethilianilini nayo ina kituko chake. Neli ikiachwa ipate joto jingi, mmumunyo unaweza kuwa wa zambarau au buluu-kijani, kwa sababu amini hii ni mwepesi wa kuzaa rangi, na ndiyo sifa iliyowafanya wenye viwanda waitafute. Mwanafunzi asiyejua historia ya GV hudhani ameharibu kila kitu. Jaribio hurudiwa neli ikiwa kwenye maji ya nyuzi 15 hadi 20, na rangi haitokei.

Kwa miaka mingi vitabu vya kiada viliandika kwa mkato kwamba amini za daraja la tatu hazitendani na kloridi ya benzenisalfonili. Mwaka 1972 wakemia Gambill, Roberts na Shechter walichapisha kwenye jarida la Marekani la elimu ya kemia makala iliyosema waziwazi kwamba zinatendana. Nitrojeni ya daraja la tatu ina jozi yake ya elektroni kama ndugu zake, na hakuna kinachoizuia kushambulia salfa. Inachokosa ni haidrojeni ya kuachia ili muungano huo utulie. Hivyo hutokea chumvi yenye chaji chanya juu ya nitrojeni, na alkali huivunja: salfonili huenda kuwa chumvi ya benzenisalfoniki, amini huachiliwa ilivyokuwa. Mtazamaji anaona mafuta yale yale juu ya maji na kusema hakuna kilichotokea. Kumbe kimetokea na kimefutika.

Hilo lina maana kwa anayefanya kazi. Kwanza, kloridi kupotea kwenye neli si uthibitisho kwamba salfonamidi imetengenezwa. Pili, kitendanishi kikiwa kingi sana na joto likawa juu kwa muda mrefu, baadhi ya amini za daraja la tatu hufuata njia nyingine na kuacha bidhaa zinazotatanisha. Makala hiyo haikuliua jaribio. Ililiwekea masharti ya kipimo, joto na muda, masharti ambayo mwongozo mzuri wa maabara huyataja na mwongozo mbaya huyaruka.

Njia hiyo hiyo inaweza kutumika kutenganisha mchanganyiko, kama ule uliotoka kwenye chombo cha kiwandani. Mchanganyiko wote hutikiswa na kloridi na alkali, kisha mvuke wa maji hupitishwa ndani yake ukachukua dimethilianilini, ambayo haikubadilika. Kinachobaki hupozwa na kuchujwa: salfonamidi ya methilianilini inabaki kwenye karatasi ya kuchujia. Maji yaliyochujwa hutiwa asidi, na salfonamidi ya anilini hushuka. Kazi ngumu ni kuzirudisha amini mbili hizo kutoka kwenye salfonamidi zake, kwani kifungo cha salfa na nitrojeni ni kigumu kuvunja na hudai kuchemshwa kwenye asidi kali kwa saa nyingi, wakati mwingine usiku na mchana. Kwa sababu hiyo njia hii inafaa kwa gramu chache za uchunguzi kuliko kwa pipa zima.

Maabara nyingi za vyuo siku hizi hutumia kloridi ya toluinisalfonili badala ya ile ya Hinsberg. Ni yabisi inayoyeyuka karibu na nyuzi 69, haidondoki wala haitoi mvuke mwingi, na ni rahisi kuipima kwenye mizani. Hasara yake ni kwamba ni mvivu zaidi kuingia majini, kwa hiyo humumunyishwa kwanza kwenye asetoni kidogo au hupashwa moto zaidi. Salfonamidi zake nazo ni fuwele nzuri: ya anilini huyeyuka kwenye nyuzi 103 hivi na ya methilianilini kwenye 94.

Zipo pia mashine. Kipima mwanga wa infraredi huonyesha mikunjo miwili karibu na 3400 kwa amini ya daraja la kwanza, mmoja kwa daraja la pili, na hakuna kwa daraja la tatu, na jibu hutoka kwa dakika chache kwa tone moja. Mwenye mashine hiyo hana sababu ya kuanza na neli ya Hinsberg. Asiye nayo, au anayefundisha darasa lenye neli, alkali na chupa moja ya kitendanishi, bado anaweza kupata jibu la kuaminika kwa sharti moja ambalo miongozo mingi hulisahau: sambamba na amini isiyojulikana, fanya neli tatu za amini zinazojulikana, moja ya kila daraja, kwa kipimo kile kile na muda ule ule. Neli isiyofanana na yoyote kati ya hizo tatu isiandikiwe jibu. Rudia kwanza kwa kupima alkali, kisha kwa kubadilisha kiasi cha kloridi.